Mwenye grosari asibane shilingi kwenye soda ya kuchanganyia

KATUBUKA, Kigoma. Mtaji wa grosari ndogo katika Manispaa ya Kigoma Ujiji kwa kawaida hukaa katika vitu viwili: kreti za bia na chupa za pombe kali. Soda ya kuchanganyia hununuliwa mwisho, kwa shilingi zilizobaki, na mara nyingi huchaguliwa ile ya bei ya chini kabisa. Huo ni mpango wa kinyume. Katika glasi inayomfika mteja, soda ndiyo nyingi na pombe ndiyo kidogo, na mteja anapoiacha glasi nusu mezani kosa mara nyingi halikuwa la pombe.

Hesabu yake ni nyepesi. Glasi ndefu ya mchanganyo, ile ambayo wenzetu wa ng'ambo huiita haiboli, hutengenezwa kwa toti mbili za pombe kali, yaani mililita 60, juu ya barafu, kisha hujazwa kinywaji cha gesi kiasi cha mililita 180. Jumla ni mililita 240, na robo tatu yake ni soda. Mwenye duka anayehangaikia robo moja na kuzipuuza robo tatu hajajua anauza nini.

Chukua Konyagi, ambayo nguvu yake ni asilimia 35. Mililita 60 zina mililita 21 za kilevi kitupu. Zikichanganywa na soda kwa kipimo hicho, glasi nzima inakuwa na nguvu ya asilimia 9 hivi. Moto wa kooni unapungua na harufu iliyofichwa na ukali inaanza kusikika, kwa kuwa viputo vya gesi huinua harufu kutoka kwenye kinywaji na kuifikisha puani. Kilevi chenyewe hakikupungua hata tone. Ni mililita zilezile 21, ila sasa zinanyweka kirahisi.

Soda tatu, tabia tatu

Anayeagiza mzigo kutoka kwa msambazaji aanze kwa kutaja jina kamili. Huku kwetu neno "soda" ni la kila kinywaji baridi cha gesi, kwa hiyo mtu akisema aletewe "soda ya kuchanganyia" anaweza kuletewa ya machungwa. Vinavyozungumzwa hapa ni vitatu: soda nyeupe isiyo na sukari, toniki, na soda ya tangawizi. Kila kimoja huifanyia pombe kazi tofauti, na hakuna kinachoweza kushika nafasi ya mwenzake.

Soda nyeupe ni maji, gesi na chumvichumvi kidogo. Haina utamu wa kuficha lolote. Pombe iliyo safi hubaki safi ndani yake, na pombe yenye harufu mbaya hutoa harufu hiyo wazi. Kwa sababu hiyo ndiyo inayofaa zaidi kwa wiski au branki ambayo mteja ameilipia ghali na anataka kuisikia. Ndiyo pia kipimo cha mwenye duka: anayetaka kulinganisha chupa mbili za pombe azichanganye na soda nyeupe kwa kipimo kimoja, sehemu moja kwa tatu, azinuse na kuonja. Tofauti isiyosikika pombe ikiwa kavu, kwa sababu ya ukali, hapo hujitokeza.

Toniki ina uchungu wa kwinini, sukari, na ukali kama wa limao. Uchungu huo ndio unaozuia pombe nyepesi isionekane kama maji matamu tu. Jini ilizoea kunywewa na toniki tangu enzi za Waingereza nchini India, ambako kwinini ilikuwa dawa, na soda na sukari ziliongezwa ili imezeke. Konyagi nayo inapatana na toniki vizuri kwa sababu ni pombe nyeupe isiyo na uzito wa pipa. Wiski iliyokaa katika pipa la mti ina uchungu wake tayari, na ikitiwa toniki chungu hizo mbili hugombana.

Kwinini si kitu cha mbali kwa watu wa ziwa hili. Hutoka katika magome ya mti wa mkwinini. Wajerumani waliupanda Amani, Tanga, na Bukavu, kaskazini mwa Ziwa Tanganyika, kuna kiwanda cha Pharmakina kilichojulikana kwa miaka mingi kwa kutengeneza kwinini. Pengine ndiyo maana baadhi ya wanywaji bado husema kwamba toniki inazuia malaria. Hesabu inakataa. Marekani inaruhusu kwinini isiyozidi miligramu 83 katika lita moja ya toniki. Mtu mzima anayetibiwa kwa vidonge vya kwinini hupewa kiasi cha miligramu 1,800 kwa siku. Ili kufikia kiasi hicho angelazimika kunywa zaidi ya lita 21 za toniki kila siku. Mwenye grosari asiiuze kama dawa, na mteja aliyekwishaambiwa na daktari asitumie kwinini asipewe hata glasi moja.

Soda ya tangawizi ndiyo inayopendwa zaidi na ndiyo inayohitaji uangalifu mkubwa. Tangawizi inawasha koo, na pombe inawasha koo. Vinapokutana mnywaji hawezi kusema kwa hakika muwasho huu ni wa nani, na sukari nyingi hulainisha kilichobaki. Ubaya wa kwanza ni kwamba mteja hunywa haraka bila kuhisi nguvu ya glasi. Wa pili ni kwamba pombe mbovu, au ya kughushi, hupita bila kugundulika. Tangawizi nzuri ni rafiki mkubwa wa Konyagi na wa ramu, lakini haifai kuwa blanketi la kufunika chupa ambayo mwenye duka mwenyewe ana wasiwasi nayo. Soda haiondoi sumu. Chupa isiyoaminika iachwe, isichanganywe.

Joto ndilo adui wa gesi

Pamoja na tofauti hizo, vinywaji vyote vitatu vinategemea kitu kimoja, nacho ni gesi. Gesi ndiyo inayochoma ulimi kidogo, ndiyo inayoinua harufu, na ndiyo inayoufanya utamu usichoshe. Toniki iliyokatika gesi ni maji ya sukari yenye uchungu, na hakuna mteja atakayerudi kwa ajili hiyo.

Gesi hukaa ndani ya maji baridi na huyakimbia maji ya moto. Katika hali ya kawaida ya hewa, lita moja ya maji yanayokaribia kuganda huweza kushika kiasi cha lita 1.7 za gesi hiyo. Maji hayohayo yakiwa na nyuzi 30, joto la kawaida la mchana wa Kigoma, hushika lita 0.7 hivi. Chupa inayofunguliwa ikiwa ya moto humwaga gesi yake kwa povu, na kinachobaki hakitoshi kumaliza glasi.

Wengi hudhani barafu italiponya kosa hilo. Kinyume chake, barafu huliongeza. Mililita 240 za mchanganyo wenye nyuzi 30 zikipozwa hadi nyuzi 5 kwa barafu peke yake huyeyusha kiasi cha gramu 70 za barafu. Glasi inapokea mililita 70 za maji ambayo hayakuagizwa, karibu theluthi moja ya kilichomo, na nguvu yake inashuka kutoka asilimia 9 kwenda asilimia 7. Mteja anaonja maji, anadhani amepunjwa pombe, na hapo sifa ya nyumba inaharibika ilhali toti zilipimwa sawasawa. Soda ikiwa imekwisha kupoa hadi nyuzi 5, na pombe peke yake ndiyo ya moto, barafu inayoyeyuka haifiki gramu 20.

Kwa hiyo nafasi ya kwanza ndani ya jokofu ni ya soda ya kuchanganyia. Pombe kali inaweza kusimama rafuni. Umeme ukikatika mchana, jokofu lisifunguliwefunguliwe, na chupa za jioni zihamishiwe kwenye sanduku la barafu kabla hazijapata joto.

Barafu nayo iwe vipande vikubwa na vigumu. Barafu iliyopondwapondwa ina pande nyingi, huyeyuka upesi, na kila pembe yake hutoa viputo na kumaliza gesi. Iwe pia imetengenezwa kwa maji yaliyochemshwa. Katika mji wa uvuvi barafu ya kuhifadhia migebuka na dagaa hupatikana kirahisi, lakini hiyo ni ya samaki na isiingie katika glasi ya mtu. Mwambao huu ulikumbwa na kipindupindu mwaka 2015, na somo lake halikupaswa kusahaulika.

Chupa kubwa na chupa ndogo

Sasa ije hesabu ya fedha, ambayo ndiyo inayowapoteza wengi. Bei zinazofuata ni za mfano tu. Kila mmoja aweke za kwake.

Tuseme chupa ya Konyagi ya mililita 750 imenunuliwa kwa sh. 15,000 na inatoa glasi 12 za toti mbili. Pombe ya kila glasi imegharimu sh. 1,250. Glasi inauzwa sh. 3,000. Toniki ya chupa kubwa ya plastiki ya lita moja ni sh. 2,000 na inatoa glasi 5, yaani sh. 400 kwa glasi. Toniki ya chupa ndogo ya kioo ya mililita 300 ni sh. 700, na kila mteja hupewa yake. Kwa chupa kubwa mwenye duka anabaki na sh. 1,350 kwa glasi. Kwa chupa ndogo anabaki na sh. 1,050. Tofauti ya sh. 300 inaonekana kumaliza mjadala.

Haimalizi. Chupa kubwa ikifunguliwa kwa mteja wa saa 12 jioni, ikafungwa, ikafunguliwa tena saa mbili, na tena saa nne, kila mara gesi inatoka na kujaza nafasi iliyoachwa wazi ndani ya chupa. Glasi 3 za kwanza zitakuwa nzuri, na 2 za mwisho zitakuwa zimekata gesi. Mwenye duka mwaminifu akizimwaga, toniki ya kila glasi iliyouzwa imegharimu sh. 667, karibu sawa na chupa ndogo.

Asiyezimwaga yuko katika hatari kubwa zaidi. Mteja akiirudisha glasi, kilichopotea ni pombe na toniki kwa pamoja, sh. 1,650. Hiyo ni akiba ya zaidi ya glasi 5 imekwenda kwa glasi moja. Na mteja anayeirudisha glasi ni afadhali kuliko yule anayelipa, ananyamaza, na kesho anaonekana kwa jirani.

Hata hivyo chupa kubwa ina mahali pake. Harusi, kikao cha watu 20, au jioni ya mpira ambapo lita moja inakwisha ndani ya robo saa, hapo chupa kubwa ni faida tupu kwa kuwa gesi haipati muda wa kutoka. Kipimo cha kuamua ni muda ambao chupa itakaa wazi. Duka lisiloweza kumaliza lita moja kwa nusu saa linunue chupa ndogo.

Jambo lingine linahusu safari. Mzigo mwingi wa Kigoma hutoka Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,200 kwa Reli ya Kati, au hupita barabarani. Plastiki hupenyeza gesi polepole hata kabla ya kufunguliwa, na chupa ndogo ya plastiki hupoteza upesi kuliko kubwa, na joto huharakisha. Kioo chenye kizibo cha bati hakipotezi kwa kiasi cha kutia hofu. Aliye mbali na kiwanda ana sababu zaidi ya kupendelea kioo, hata kama atalazimika kuweka amana ya chupa tupu na kubeba uzito.

Namna ya kuchagua mzigo

Ukaguzi wa kwanza hufanyika dukani kwa msambazaji kabla fedha haijatoka. Chupa ya plastiki ibonyezwe: yenye gesi ni ngumu kama gurudumu lililojazwa upepo, na inayobonyea imekwisha kupoteza. Tarehe ya mwisho isomwe chupa kwa chupa, si kwenye katoni tu. Kreti zilizopangwa nje juani zikataliwe hata kama tarehe iko mbali.

Ukaguzi wa pili ni wa ulimi. Inunuliwe chupa moja moja ya kila aina, zipozwe usiku kucha, zimiminwe bila pombe wala barafu. Toniki nzuri huanza na ukali, kisha uchungu unaobaki mdomoni baada ya kumeza. Inayoacha utamu peke yake haifai. Soda ya tangawizi nzuri huwasha kwa kuchelewa, nyuma ya koo, ilhali ile ya ladha ya kutengeneza hunukia tu na kuishia kwenye sukari. Tope kidogo chini ya chupa ya tangawizi si kasoro. Igeuzwe taratibu mara moja, isitikiswe. Soda nyeupe isiwe na harufu yoyote. Baada ya dakika 10 glasi zitazamwe tena, na ile ambayo bado inapandisha viputo vidogo mfululizo ndiyo ya kununua.

Kwa toniki kuna kipimo ambacho wafanyabiashara wengi wanacho mezani bila kujua. Ile taa ya zambarau ya kukagulia noti bandia, ikimulikwa kwenye glasi ya toniki gizani, huifanya ing'ae rangi ya buluu. Ni kwinini inayong'aa. Isipong'aa kabisa, kilichomo ni uchungu wa namna nyingine au hakuna kitu. Taa haisemi kama toniki ni tamu au ina gesi. Inajibu swali la kwinini tu.

Asiyepata soda ya tangawizi ya kuridhisha anaweza kutengeneza. Gramu 100 za tangawizi mbichi kutoka sokoni zikwanguliwe, zilowekwe katika mililita 200 za maji yaliyochemshwa kwa nusu saa, zikamuliwe na kuchujwa, kisha sukari gramu 150 iyeyushwe humo. Toti moja ya shira hiyo, robo ya ndimu na mililita 150 za soda nyeupe baridi vinatosha kwa toti mbili za Konyagi. Soda imiminwe mwisho, kwa kuinamisha glasi, na kijiko kizungushwe mara moja tu. Shira ikae kwenye jokofu na imalizwe ndani ya siku 4. Ikianza kutoa povu imeanza kuchacha na imwagwe. Mpango huu humwezesha mwenye mtaji mdogo kufunga fedha katika aina moja ya soda badala ya mbili.

Wapo watakaosema kwamba mteja wa Katubuka haulizi toniki ya namna gani, bali anataka toti iliyojaa. Kwa glasi ya kwanza ni kweli. Glasi ya pili huagizwa kwa sababu ya ile ya kwanza, na ya kwanza ilikuwa robo tatu soda. Pia fedha iliyowekwa kwenye toniki na tangawizi haina soko moja. Ujiji na Kigoma zina Waislamu wengi na wengine wasiogusa pombe, nao hununua vinywaji hivyo vikiwa baridi, bila kuchanganya na chochote. Chupa ya pombe isiyouzika hukaa rafuni ikisubiri mnywaji. Kreti ya tangawizi ya kioo, baridi na yenye gesi yake yote, ina wateja wa pande zote mbili, na mwenye sh. 50,000 za kuongeza kwenye biashara mwezi huu angefanya vyema kuanza na kreti hiyo.